Magodoro yaliyolowa: nimekatwa alama kwa shilingi 1,950, nimekosea wapi?

KijanaWaNyalenda
Jumapili, saa 2 usiku

Wadau, habari za jioni. Mimi nasoma CPA madarasa ya jioni hapa Kisumu, mchana niko dukani nauza fanicha na magodoro. Wiki jana tulipewa swali ambalo nilidhani limetungwa kwa ajili yangu, kwa kuwa hata stoo yetu ilivuja Desemba. Nikalifanya kwa mbwembwe. Karatasi ikarudi na msalaba.

Swali kwa kifupi: duka lina magodoro 60 tarehe 31 Desemba. Kila moja lilinunuliwa kwa 6,200 na bei yake ya kawaida ni 8,500. Paa lilivuja, 14 yakalowa. Yaliyolowa yakibadilishwa kava yanaweza kuuzwa 6,800. Kava na kazi ya fundi ni 550 kwa godoro. Muuzaji anapata kamisheni ya asilimia 5 ya bei aliyouzia, na duka ndilo linalolipa tuktuk 100 kumpelekea mteja. Tafuta thamani ya bidhaa baki.

Hesabu yangu:

```
Yaliyolowa: 6,800 - 550 - 340 - 100 = 5,810
46 x 6,200 = 285,200
14 x 5,810 =  81,340
Jumla      = 366,540
```

Mwalimu ameandika 368,490 kwa wino mwekundu, hakueleza chochote. Tofauti ni 1,950. Nimelala nayo siku tatu. Nimekosea wapi?

DaftariJekundu
Jumapili, saa 2 na nusu usiku

Omera, wewe na mwalimu wako nyote mmepotea. Gharama ya kutengeneza inaongezwa kwenye gharama ya kununua, kama vile nauli ya kuleta mzigo inavyoongezwa. Kwa hiyo godoro lililolowa limekugharimu 6,200 na 550, yaani 6,750. Bei ya kuuza ni 6,800. Bei imezidi gharama, hakuna hasara. Weka magodoro yote 60 kwa gharama, 372,000, ulale usingizi.

KijanaWaNyalenda

Sasa kamisheni na tuktuk umeziacha wapi?

DaftariJekundu

Hizo ni za mwaka ujao, utazilipa ukiuza.

MamaMbolea_Kakamega
Jumapili, saa 3 usiku

Poleni na mvua. Mwanangu, mbona unahangaika na mwalimu? Mwenye nyumba ndiye alipe, paa ni lake. Mpelekee risiti ya kava.

Mimi nina duka la pembejeo huku Kakamega na yalinikuta kama yako. Bomba la maji la jirani lilipasuka Desemba ya mwaka juzi, mifuko 12 ya mbolea ikapata unyevu na kuganda kama mawe. Nilikuwa nimenunua kwa 4,100 mfuko. Kijana anayenifungia vitabu akaniambia mali iliyoharibika haina thamani, tuandike sifuri. Tukaandika sifuri. Januari mkulima mmoja akaja, akasema yeye atazipondaponda mwenyewe, akachukua minane kwa 2,600. Nikafurahi, nikaona nimeokota pesa. Sasa nikisoma huu uzi najiuliza kama tulifanya sawa.

MkaguziMstaafu_Nakuru
Jumapili, saa 4 usiku

Kijana, kabla sijasema lolote, rudi kwenye karatasi ya swali. Ulilolieleza hapa jibu lake ni 366,540, sina ubishi nawe. Lakini 1,950 ukigawanya kwa 390, yaani ile hasara yako ya kila godoro, unapata 5 kamili. Namba haigawanyiki hivyo kwa bahati. Kuna magodoro matano ambayo swali limeyasema na wewe umeyapita. Tuandikie maneno ya swali yenyewe, usitusimulie.

KijanaWaNyalenda
Jumapili, saa 4 na robo usiku

Mzee, nimefungua karatasi mikono inatetemeka. Kuna sentensi chini ya jedwali, imeandikwa kwa herufi ndogo: "Kufikia tarehe 31 Desemba fundi alikuwa amekwisha kubadilisha kava za magodoro matano na kulipwa."

Nilidhani ni mapambo tu. Kava ni 550 iwe imelipwa au bado, si ndivyo?

MkaguziMstaafu_Nakuru
Jumapili, saa 5 kasoro usiku

Hapo ndipo swali lote lilipo. Yaliyobaki ni kutoa na kuzidisha tu.

Jiweke tarehe 31 Desemba usiku, umesimama stoo na tochi. Mbele yako kuna godoro lililolowa ambalo halijaguswa. Unajiuliza: kuanzia leo hadi pesa iingie mfukoni, ni nini bado sijakilipa? Kava 550, kamisheni 340, tuktuk 100. Ukivitoa kwenye 6,800 unabaki na 5,810. Imeshuka chini ya 6,200, kwa hiyo unaandika 5,810. Hapo ulikuwa sawa, na hata kamisheni uliipiga kwenye 6,800. Wengi huipiga kwenye 8,500 kwa mazoea, wanapata 425, wanaharibu.

Sasa geuza tochi kwenye lile lenye kava mpya. Kuanzia leo hadi pesa iingie, ni nini bado? Kamisheni 340 na tuktuk 100 basi. Fundi ameshakula pesa yake. Unabaki na 6,360, ambayo iko juu ya 6,200. Kwa hiyo godoro hilo linabaki kwenye gharama yake, 6,200.

```
51 x 6,200 = 316,200
 9 x 5,810 =  52,290
Jumla      = 368,490
```

Ile 550 ya magodoro matano, yaani 2,750, haijapotea. Iko kwenye matengenezo ya mwaka huu, kwa kuwa imelipwa mwaka huu. Wewe uliitoa tena kwenye thamani ya godoro, kwa hiyo faida ya duka imepigwa mara mbili kwa kava ileile.

KijanaWaNyalenda

Mzee, nimeelewa kurudia mara mbili. Lakini basi tofauti ingekuwa 2,750, yaani 550 mara tano. Kwa nini ni 1,950?

MkaguziMstaafu_Nakuru

Swali zuri, na usipolijibu mwenyewe mtihani utakurudisha palepale.

Ukiirudisha ile 550 kwenye godoro, thamani inapanda kutoka 5,810 hadi 6,360. Lakini vitabu havikuruhusu kufika 6,360, vinakusimamisha 6,200. Zile 160 zilizobaki juu ni faida ambayo haijauzwa, utaiona mteja akilipa. Mia moja sitini mara tano ni 800. Toa 800 kwenye 2,750, unapata 1,950 yako.

DaftariJekundu
Jumatatu, saa 1 asubuhi

Nimeamka na bado sikubali. Hata ukisema kamisheni itolewe sasa, haya, nimekubali hilo moja. Lakini kava iliyolipwa lazima iingie kwenye gharama ya godoro. Pesa imetumika kwa ajili ya godoro lile, si kwa ajili ya taa wala kodi ya nyumba. Gharama ni 6,750, thamani halisi ya mauzo ni 6,360, ya chini ni 6,360. Ndiyo niandike. Jibu la mwalimu limekosa 800.

MkaguziMstaafu_Nakuru
Jumatatu, saa 3 asubuhi

Daftari, afadhali leo umekosea kwa akili. Jana ulikosea kwa haraka.

Angalia ulichoandika. Godoro kavu ambalo halijaona tone la maji liko vitabuni kwa 6,200. Lililolowa, likakaushwa, likavalishwa kava nyingine, likashuka bei kwa 1,700, wewe unaliweka 6,360. Mvua imeliongezea godoro thamani? Basi tutoboe paa zima.

Nauli ya kuleta mzigo kutoka kiwandani unaiongeza kwenye gharama kwa kuwa bila nauli godoro halifiki dukani. Godoro hili lilikuwa limeshafika, limeshapangwa, tayari kuuzwa. Kava ya pili haikulisogeza mbele, ililirudisha lilikotoka, tena halikufika. Kiwango cha uhasibu cha IAS 2 kinatoa nje ya gharama ya bidhaa upotevu usio wa kawaida, na paa kuvuja juu ya stoo si jambo la kawaida katika kuuza magodoro. Linaenda moja kwa moja kwenye matumizi ya mwaka.

DaftariJekundu

Ya kutoboa paa nimeikubali kwa shingo upande.

Wanjiru_Leja
Jumatatu, saa 6 mchana

Samahani kuingilia, niko Nakuru pia, nafunga vitabu vya maduka matatu. Mimi kusema kweli huwa sifanyi godoro kwa godoro. Nachukua jumla. Magodoro makavu 46 yakiuzwa na kutolewa kamisheni na tuktuk yanaleta 7,975 kila moja. Jumla ya yote 60, hata ukiyahesabu yote yaliyolowa kwa 5,810, ni 448,190. Gharama ya yote ni 372,000. Jumla imezidi kwa mbali, kwa hiyo naacha gharama. Aina ni moja, magodoro ni magodoro. Hakuna mkaguzi aliyewahi kunigusa.

MkaguziMstaafu_Nakuru

Hajakugusa bado, dada.

Kuweka pamoja vitu vinavyofanana kunaruhusiwa, ila kwa vile ambavyo kweli vinatembea pamoja, bei yao moja na mnunuzi wao mmoja. Haya yaliyolowa yameshatoka kwenye kundi siku yalipolowa. Ukiyachanganya, faida ya magodoro makavu ambayo hata hayajauzwa inafunika hasara ya yaliyolowa. Faida ya kesho inalipa hasara ya leo, na mwenye duka haoni kwamba stoo yake inavuja.

Wanjiru_Leja

Sawa. Duka moja kati ya hayo matatu lina vigae vilivyokatika pembe tangu Agosti. Ngoja nikaviangalie.

MamaMbolea_Kakamega
Jumatatu, saa 10 jioni

Mmeniacha. Mbolea yangu je? Na mwenye nyumba?

MkaguziMstaafu_Nakuru
Jumatatu, saa 12 jioni

Mama, samahani. La mwenye nyumba kwanza: akilipa, hiyo ni pesa nyingine na inaandikwa mahali pake. Haiongezi bei ya godoro sokoni. Mteja wa godoro hajali nani alimlipa fundi. Na bima ni vivyo hivyo.

Sasa mbolea. Mkulima alipochukua alikuja na gari lake au ulimpelekea?

MamaMbolea_Kakamega

Nilimlipia mkokoteni, shilingi 50 kwa mfuko.

MkaguziMstaafu_Nakuru

Basi kila mfuko ulikuletea 2,550. Mauzo ya Januari yanakuonyesha mbolea ilikuwa na hali gani Desemba, kwa sababu kati ya siku hizo mbili hakuna kilichobadilika ila mnunuzi kupatikana. Kwa vitabu vya Desemba kila mfuko ulipaswa kuwa 2,550, na hasara yako 1,550 kwa mfuko. Kijana wako akakuandikia hasara ya 4,100 kwa mfuko. Desemba ikaonekana mbaya kuliko ilivyokuwa, Januari ikaonekana nzuri kuliko ilivyokuwa. Ile pesa hukuiokota, Mama, ilikuwa yako tangu awali.

"Imeharibika" haimaanishi sifuri. Inamaanisha tafuta nani atainunua na kwa ngapi.

MamaMbolea_Kakamega

Yaani nilijidanganya mwenyewe. Lakini hiyo ni minane. Minne iliyobaki niliiuza Machi kwa 2,000, kwa maana mbolea ya ruzuku ilikuwa imeshafika huku na watu hawakutaka yangu tena hata nzuri. Nayo nihesabu kwa 2,550 au kwa bei ya Machi?

MkaguziMstaafu_Nakuru

Kwa 2,550. Kushuka kwa Machi kumeletwa na jambo la Machi. Tarehe 31 Desemba ulikuwa bado hujui.

DaftariJekundu

Hapo mzee nakupinga, na safari hii sitoki. Mbolea ya ruzuku huku magharibi si habari ya Machi. Kila mwenye duka la pembejeo anajua inakuja kabla ya mvua za masika, Desemba tayari watu wanaulizana itakuwa bei gani. Kama mama alijua Desemba kwamba mifuko iliyoganda haitaisha yote kabla ya ruzuku kufika, basi makadirio yake ya Desemba yalipaswa kuona hilo. Bei ya Machi ni ushahidi wa kilichokuwepo.

MkaguziMstaafu_Nakuru

Inategemea kilichokuwa kimetangazwa na kile mama alichoweza kukiona siku ile. Uvumi wa sokoni si bei.

DaftariJekundu

Uvumi wa sokoni ndio unaoweka bei, mzee. Uliza muuza mahindi yeyote.

MamaMbolea_Kakamega

Mimi nilijua ruzuku inakuja. Sikujua ni kwa bei gani. Nendeni polepole, bado naandika.

KijanaWaNyalenda
Jumatatu, saa 3 usiku

Nimerudi kutoka kazini. Wazee wangu, nina lingine, hili si la karatasi, ni la dukani kwetu. Swalini tuktuk ni 100 kwa godoro. Kwetu tuktuk ni ya bosi, dereva analipwa mshahara wa mwezi, auze godoro moja au hamsini. Nikitafuta thamani halisi ya mauzo ya magodoro yetu yaliyolowa, natoa nini? Mafuta tu?

Wanjiru_Leja

Mafuta tu. Mshahara utalipwa hata godoro lisipouzwa.

MkaguziMstaafu_Nakuru

Nilikuwa nasema hivyo hivyo miaka mingi. Lakini Juni 2021 kamati inayofafanua viwango vya IFRS ilitoa uamuzi kuhusu swali hilihili. Walisema huwezi kujifungia kwenye zile gharama za ziada tu, zinazotokea kwa sababu ya uuzaji ule mmoja. Unatazama gharama zote ambazo ni lazima zitumike ili bidhaa iuzwe katika biashara yako ya kawaida, kisha unapima mwenyewe zipi ni za lazima. Kama hamwezi kuuza godoro bila kumpelekea mteja, sehemu ya dereva inaingia, kwa maoni yangu. Kodi ya duka siiingizi.

Wanjiru_Leja

Kwa nini dereva aingie na kodi isiingie? Bila duka pia huuzi.

MkaguziMstaafu_Nakuru

Duka lipo kwa ajili ya kila kitu kilichomo, vitanda, makabati, na hata godoro ambalo haliuziki. Safari ya tuktuk ni ya godoro hili kwenda kwa mteja huyu. Lakini nakiri mstari huo nimeuchora mimi, na mkaguzi mwingine anaweza kuuchora pengine. Kinachotakiwa ni uuchore mahali pamoja kila mwaka, na uandike kwa nini.

Wanjiru_Leja

Sijaridhika, lakini nimeelewa.

KijanaWaNyalenda
Jumanne, saa 8 mchana

Leo mchana bosi alikuwa nje, nikaingia stoo. Kwenye daftari letu la kuhesabu mali la tarehe 31 Desemba tumeandika magodoro 11 "yalilowa, yako sawa", yote kwa gharama. Nimeyashika moja moja. Saba kweli yako sawa, maji yaliishia kwenye nailoni ya nje. Manne yana kava mpya na ukiyatazama utadhani yametoka kiwandani leo, lakini nilipobonyeza la chini kwa ngumi katikati, sponji haikurudi haraka, na harufu ikapanda. Kava imefunika tatizo, haijaliondoa.

Haya manne bosi ameyaandikia bei ya 7,000 kwa kalamu. Tulinunua kwa 5,900.

MkaguziMstaafu_Nakuru

Saba, zungushia duara, acha kwa gharama. Manne, 7,000 ni bei ya nani? Kuna mtu amewahi kuitoa?

KijanaWaNyalenda

Hakuna. Kuna mteja mmoja tu aliyeyabonyeza kama nilivyobonyeza mimi. Alitoa 4,500, bosi akamfukuza.

MkaguziMstaafu_Nakuru

Alikuja tarehe ngapi?

KijanaWaNyalenda

Tarehe 4 Januari. Aliacha namba yake ya simu kwa mlinzi.

MkaguziMstaafu_Nakuru

Na sponji ilianza kunuka lini, kabla au baada ya kufunga hesabu?

KijanaWaNyalenda

Paa lilivuja tarehe 12 Desemba. Mlinzi anasema harufu ilikuwepo kabla ya Krismasi, ndiyo maana wakanunua kava. Naenda kumwomba ile namba.